Wakala hana floti lakini droo imejaa hela: hesabu yake inavyokwenda

Kuna jambo linawachanganya wateja wengi wa hela za simu na hata mawakala wenyewe wakiwa wapya. Unaenda kuweka hela, unaona kabisa droo ya wakala imejaa noti, alafu anakuambia hawezi kukuwekea, floti imeisha. Mwingine anaenda kutoa, anaambiwa floti ipo nyingi ila keshi hamna. Mtu anaondoka akiamini wakala anaringa au anachagua wateja, kumbe kasema ukweli mtupu, na tatizo lake sio kwamba mtaji umepungua. Mtaji uko vilevile kama ulivyokuwa asubuhi, umebadilika umbo tu.

Tuanze na floti yenyewe mana hapa ndo watu wanapotelea. Floti ni salio la kielektroniki lililoko kwenye laini ya wakala, na wakala hawezi kulitengeneza, lazima alinunue. Anapeleka hela halisi benki au kwa wakala mkuu, hela hiyo inakaa kwenye akaunti ya amana benki, alafu laini yake inapewa salio la kiasi kilekile. Ndo utaratibu uliokuwa nyuma ya M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, hela za watumiaji zikashikiliwa na kampuni ya amana iliyo tofauti na Safaricom yenyewe, na huduma nyingi zilizokuja baadae zimefuata njia hiyohiyo. Maana yake salio lote lililoko kwenye simu za watu, wateja pamoja na mawakala, lina hela yake imelala benki. Sasa mteja akija kuweka hela, hakuna salio jipya linalozaliwa pale kaunta. Wakala anachukua salio lake mwenyewe anamhamishia mteja, mteja anamwachia noti. Akija wa kutoa inageuka, mteja anamhamishia wakala salio, wakala anatoa noti zake.

Kwa hiyo kila muamala ni kubadilishana tu. Kuweka kunapunguza floti na kuongeza keshi, kutoa kunaongeza floti na kupunguza keshi, na kiasi kinachotoka upande mmoja ndo kilekile kinachoingia upande wa pili. Ni kama maji unayoyahamisha kati ya ndoo mbili, ndoo moja inaweza kukauka kabisa na maji yasipungue hata tone. Ukijumlisha keshi na floti muda wowote wa siku unapaswa kupata mtaji uleule ulioanza nao, kamisheni ukiiweka pembeni. Sentensi hiyo moja ndo imebeba kazi yote ya wakala, na mi naona anayeishika vizuri hata wizi anaukamata mapema.

Tuchukue siku moja tuihesabu, namba tupu tu, sarafu weka yoyote unayotumia. Wakala ana mtaji wa 1,000,000, laini moja, anafungua asubuhi akiwa na floti 600,000 na keshi 400,000.

Wa kwanza anaweka 150,000, floti inabaki 450,000 na keshi inafika 550,000. Wa pili anaweka 80,000, floti 370,000, keshi 630,000. Anakuja mmoja anatoa 50,000, floti inapanda 420,000 na keshi inashuka 580,000. Alafu anaingia mfanyabiashara na mauzo ya jana anaweka 300,000, floti inabaki 120,000 na keshi 880,000. Jumlisha, bado 1,000,000. Saa nne asubuhi anakuja mtu anataka kuweka 200,000 na hapo biashara imekwama, kuna 880,000 kwenye droo ila kwa huyu mteja hazina kazi, anachohitaji yeye ni floti na iliyopo ni 120,000. Anaondoka zake.

Wakala afanye nini? Njia ni chache. Apeleke keshi benki akanunue floti, au aende kwa wakala mkuu ambaye kazi yake ndo hiyo, kuwauzia mawakala wadogo floti wakijaa keshi na kuwapa keshi wakijaa floti, au abadilishane na wakala mwenzake wa jirani ambaye kwake watu wanatoa zaidi. Kwenye mitandao inayoruhusu wakala kumhamishia wakala mwenzake hiyo ya jirani ndo ya haraka kuliko zote, anampa noti anapokea floti, kazi kwisha. Na ipo njia nyingine isiyo na gharama kabisa ambayo ni kusubiri, mana mteja anayekuja kutoa anakuletea floti bila wewe kutoka kwenye kiti. Wakala mzoefu utamsikia anamwambia mteja subiri kidogo, anajua ikifika saa fulani watoaji wanaanza kuja.

Tuseme huyu wetu kaenda kwa wakala mkuu na 500,000. Anarudi na floti 620,000 na keshi 380,000. Mtu atauliza mbona hakupeleka 800,000 moja kwa moja ili floti ijae kabisa? Kwa sababu mchana watoaji wanakuja, na angewakosesha hao keshi kama alivyomkosesha yule wa 200,000 floti, angekuwa kahamisha tatizo kutoka ndoo hii kwenda ile. Na kila safari ina gharama zake, nauli, muda ambao kaunta imefungwa au imeachiwa mtu mwingine, hatari ya kutembea na bunda la hela, na sehemu nyingine wakala mkuu au benki nayo inakata chochote. Kamisheni ya muamala mmoja ni ndogo sana, ukienda mara tatu kwa siku unaweza kumaliza kamisheni ya siku nzima barabarani, na hili wengi hawalioni kwa sababu hawaiandiki hiyo gharama popote.

Mchana mmoja anatoa 120,000, floti 740,000, keshi 260,000. Mwingine anatoa 90,000, floti 830,000, keshi 170,000. Jioni mmoja anaweka 60,000, floti 770,000, keshi 230,000. Anafunga. Jumla 1,000,000.

Hiyo ni siku iliyonyooka. Sasa twende kwenye siku ambayo haikunyooka, mana hapa ndo ile jumla inaonyesha faida yake. Daftari limeandikwa vilevile, ila wakala anahesabu keshi anapata 230,000 sawasawa na daftari, anaangalia salio kwenye simu anakuta 590,000. Jumla 820,000. Pungufu 180,000.

Wengi hapa wanarudia kuhesabu noti mara nne mara tano. Haisaidii, keshi imeshakubaliana na daftari, kosa liko upande wa floti. Kwa hiyo cha kwanza kabisa kabla ya kutafuta chochote ni kujua upande gani umepotoka, keshi uliyohesabu ilinganishe na keshi ya daftari, salio la simu lilinganishe na floti ya daftari, kila moja peke yake, usiridhike na jumla. Alafu iangalie ile tofauti yenyewe, mana kiasi kilichopungua mara nyingi kinakuambia kosa ni la aina gani.

Tofauti ikiwa sawa kabisa na muamala mmoja, maana yake kuna muamala ulifanyika nusu. Hela ilitoka upande mmoja na upande wa pili haikuingia. Mfano umemtumia mteja salio na noti hukupokea, au umetoa noti na floti haikuingia. Hii ya pili ndo mlango wa matapeli, mtu anakuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba katoa, au unaingia ujumbe kwenye simu yako unaofanana kabisa na wa mtandao, unampa hela, kumbe salio lako halikusogea. Na kuna inayotokea bila utapeli wowote, kwenye mifumo ambayo mteja ndo anaanzisha kutoa kwa kuingiza namba ya wakala, akikosea tarakimu moja floti inaenda kwa wakala mwingine kabisa, yeye anaona meseji ya kwamba katoa, na wewe ukiamini simu yake badala ya yako unampa noti. Dawa ni moja, angalia salio lako limepanda kwa kiasi hicho kabla mkono haujaingia kwenye droo. Salio, usiishie kwenye meseji.

Tofauti ikiwa mara mbili ya muamala, shuku mwelekeo. Mteja alitaka kutoa, wewe ukabonyeza kuweka. Umempelekea salio na bado ukampa noti, floti imeshuka badala ya kupanda, kwa hiyo umepotea mara mbili. Hii inatokea kwenye mifumo ambayo wakala ndo anaanzisha miamala yote kwenye menyu moja na foleni imemzidi.

Na tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku tarakimu. Aliyetakiwa kuwekewa 45,000 kawekewa 54,000, tofauti 9,000. Sifuri iliyozidi nayo inaingia humuhumu, 20,000 ikiandikwa 200,000 tofauti ni 180,000, ambayo ni 20,000 mara 9. Ndivyo namba zilivyo, ukizigeuza nafasi au ukiongeza sifuri mwisho tofauti lazima igawanyike kwa 9, na wahasibu wanaitumia sana hii kusaka makosa.

Sasa rudi kwa wakala wetu, pungufu lake ni 180,000. Inaweza kuwa 90,000 mara mbili, inaweza kuwa 20,000 iliyoongezewa sifuri, inaweza hata kuwa muamala mmoja wa 180,000. Anafungua daftari, hakuna muamala wa 20,000 siku hiyo wala wa 180,000, ila kuna mtu aliyetoa 90,000 mchana. Anafungua taarifa ya miamala kwenye simu, anakuta saa ileile kuna 90,000 imeandikwa kuweka. Limepatikana, na limepatikana kwa dakika chache kwa sababu aliandika kila muamala na saa yake. Asingekuwa na daftari angebaki anamtuhumu kijana wake wa kaunta.

Kulipata bado sio kulirudisha. Mtandao unaweza kurudisha muamala ulioombewa marejesho kama salio bado lipo kwa aliyepokea, akishalitoa au kulituma kwingine mambo yanakuwa magumu, utategemea mteja mwenyewe akubali. Ndo maana kufunga hesabu mara moja jioni ni kuchelewa. Ukijumlisha keshi na floti mara tatu kwa siku, mfano kabla ya kwenda kununua floti, mchana foleni ikitulia na jioni, kosa unalikuta likiwa na saa mbili tatu na mteja bado ana salio.

Nisisitize pia hii jumla ina upofu wake. Muamala ambao ulifanyika sawasawa ila ukasahau kuuandika hauonekani kwenye jumla, hela zimebadilishana vizuri na mtaji uko palepale, daftari tu ndo lina pengo. Na upande wa pili yapo mambo yanayoharibu jumla bila kosa lolote kwenye miamala. Umepeleka 500,000 benki na floti haijaingia bado, jumla inasoma 500,000 kwa muda huo na hujaibiwa, hela iko njiani. Umemkopesha wakala jirani floti 100,000 kwa maneno, hiyo nayo ni mtaji wako ila haiko kwenye droo wala kwenye simu. Umechukua 5,000 ukanunua mahitaji ya nyumbani, hiyo imeondoka kweli. Kwa hiyo hesabu kamili ni hii: keshi, jumlisha floti, jumlisha iliyo njiani, jumlisha unayodai, toa unayodaiwa, lazima iwe sawa na mtaji ukiongeza kamisheni iliyoingia na kutoa ulichotumia. Kamisheni nayo iangalie inaingiaje kwako, mitandao mingine inaikusanya kwenye akaunti ya pembeni na kuilipa mwisho wa mwezi, hapo haikusumbui, mingine inaidondosha kwenye floti hapohapo muamala ukiisha, na hapo jumla yako itakuwa inapanda kidogokidogo siku nzima, na ziada hiyo inaweza kuficha upungufu mdogo wa kweli ukadhani uko salama.

Mpaka hapa tumekwenda na laini moja. Mawakala wengi wana mitandao miwili mitatu, na watu wakiona laini tatu kaunta wanadhani huyu ana nguvu zaidi. Kwa upande wa floti ni kinyume chake. Keshi ni moja, noti iliyoko kwenye droo inamhudumia mtoaji wa mtandao wowote, ila floti haichanganyiki. Mtaji uleule wa 1,000,000 ukigawanya keshi 400,000, mtandao wa kwanza 250,000, wa pili 200,000 na wa tatu 150,000, una floti 600,000 kama yule wa mwanzo lakini mteja wa kuweka 220,000 kwenye mtandao wa pili humuwezi. Na huwezi tu kuvuta kutoka mtandao wa kwanza ukatia wa pili, kawaida lazima floti ya kwanza igeuke keshi kwanza, alafu keshi ikanunue floti ya pili, yaani gharama mara mbili, isipokuwa umepata wakala mkuu anayeshika mitandao yote akakubadilishia hapohapo. Mtu mwenye mtaji mdogo ningemshauri aweke nguvu kwenye mtandao unaoongoza eneo lake na ule mwingine auwekee kiasi cha kuhudumia miamala midogo tu, mana kugawa sawasawa kunakufanya uwe dhaifu kote.

Na miamala midogo usiidharau floti ikiwa imebaki kidogo. Kamisheni mara nyingi inapangwa kwa viwango, muamala mkubwa unalipa zaidi kuliko mdogo ila haulipi zaidi kwa uwiano uleule, kwa hiyo 120,000 iliyogawanyika kwa wateja kumi inaweza kukuingizia zaidi ya 120,000 iliyobebwa na mteja mmoja. Nisieleweke vibaya, sizungumzii kumchania mteja mmoja muamala wake vipande vipande ili upate kamisheni nyingi, hiyo mitandao inakataza, na kwa anayetoa inamgharimu kwa sababu makato yanamkuta kila kipande.

Swali linalobaki ni ugawe vipi mtaji asubuhi, na jibu liko kwenye lile daftari, usikisie. Sehemu zenye biashara nyingi watu wanaweka zaidi ya wanavyotoa, floti ndo inaisha. Sehemu zinazopokea hela kutoka kwa ndugu walioko mbali watu wanatoa, keshi ndo inaisha. Na siku za mishahara zinageuza kila kitu. Unachotafuta ni mteremko mkubwa kabisa wa upande mmoja ndani ya siku. Kwa wakala wetu floti ilianza 600,000 ikashuka mpaka 120,000, mteremko wa 480,000, ongeza na yule wa 200,000 aliyeondoka inakuwa 680,000. Yule aliyeondoka lazima umwandike, hapa ndo wengi wanakosea, wanaandika waliohudumiwa tu, alafu daftari linawaambia floti inatosha wakati imewakosesha mteja.

Sasa irudie siku hiyohiyo, mtaji uleule, ila asubuhi aanze na floti 700,000 na keshi 300,000. Baada ya wale wanne wa mwanzo floti ni 220,000 na keshi 780,000. Anakuja wa 200,000, anahudumiwa, floti 20,000, keshi 980,000. Watoaji wawili wa mchana wanairudisha floti mpaka 230,000, keshi 770,000, yule wa jioni akiweka 60,000 anafunga na floti 170,000 na keshi 830,000. Mteja mmoja zaidi na safari ya saa nne haikuwepo, atakwenda kununua floti mara moja tu jioni au kesho yake alfajiri.

Ila kuna kipande cha kama saa mbili hapo katikati ambapo ana floti 20,000 tu, akitokea wa kuweka 30,000 kabla ya mtoaji wa kwanza anamkosa, na ana 980,000 zote ziko kwenye droo moja mchana kweupe. Kama eneo lake sio salama kiasi hicho cha noti, basi ile safari ya saa nne na nauli yake inabidi airudishe kwenye ratiba hata kama kwa hesabu ya floti peke yake haihitajiki, na aianze asubuhi kwa mgawanyo wa 600,000 kwa 400,000 kama alivyokuwa, ila aende mara tu floti ikishuka chini ya 200,000 na asisubiri mpaka mteja akwame.